Asilimia kwa bei za sokoni: njia nne, na ipi umpe kwanza mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Walimu wengi wa hisabati tunafundisha asilimia kwa bei na punguzo, na tuna sababu. Mtoto anayeingia sekondari ameshatumwa sokoni mara nyingi, anajua bei ikishuka nani anafaidika, na hahitaji kuelezwa kwa nini mtu apigie hesabu chenji yake. Tunapotofautiana ni kwenye namna ya kukokotoa. Wapo wanaoanza na kanuni ubaoni, wapo wanaohesabu kwa kumi-kumi kama wafanyavyo wauzaji, wapo wanaochora mstari, na wapo wanaokimbilia desimali.

Njia zote nne zinatoa jibu sahihi kwa swali jepesi. Ndiyo maana huwezi kuchagua kwa kutazama swali jepesi tu: zinaachana pale swali linapogeuzwa. Nitazipitisha zote kwenye jozi moja ya viatu vya shule, kisha niseme ipi ningeitanguliza.

Swali ambalo kila njia inaliweza

Viatu vimeandikwa Sh 40,000, na dukani wamebandika tangazo la punguzo la 15%. Mteja atalipa kiasi gani?

Kwa kanuni, mwanafunzi anaandika 15/100 × 40,000, anapata 6,000, anatoa kwenye 40,000, inabaki 34,000. Hatua mbili, na zote zinaonekana kwenye daftari. Msahihishaji anazipenda kwa sababu anaona wapi pa kutoa alama.

Kwa kumi-kumi hakuna anayeshika kalamu. Asilimia 10 ya 40,000 ni 4,000, nusu yake ambayo ni asilimia 5 ni 2,000, jumla 6,000. Wanafunzi wanaouza na wazazi wao jioni hufika hapa kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali. Jambo hili limechunguzwa vizuri nje ya Afrika pia. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wa watoto wanaouza vitu mitaani katika mji wa Recife, Brazili. Watoto hao walipata karibu kila hesabu waliyoulizwa wakiwa kwenye biashara yao, lakini hesabu zizo hizo zilipoandikwa kwenye karatasi bila bidhaa wala mteja, walipata chini ya nusu. Mmoja wao, alipoulizwa bei ya nazi kumi, hakuongeza sifuri mwishoni kama tunavyofundisha darasani. Aliijenga bei kwa mafungu ya nazi tatu tatu mpaka akafika. Kumi-kumi ni ndugu wa hesabu hiyo.

Njia ya tatu ni mstari wenye pande mbili. Unachora mstari mmoja mrefu. Juu yake unaandika asilimia, chini yake shilingi. Ukiupanga kama jedwali unakuwa hivi:

| Asilimia | 0 | 10 | 50 | 85 | 100 |
|---|---|---|---|---|---|
| Shilingi | 0 | 4,000 | 20,000 | 34,000 | 40,000 |

Mwanafunzi anaanza kwa kuandika alichopewa, yaani 100 juu na 40,000 chini. Kisha anajiuliza mteja analipa asilimia ngapi. Punguzo likiwa 15, anayelipa analipa 85. Anashuka mpaka 10, anapanda mpaka 85, anapata 34,000.

Ya nne ni desimali moja. Ukipunguziwa 15% unalipa 85%, na 85% ni 0.85, basi zidisha mara moja: 40,000 × 0.85 = 34,000. Ndiyo fupi kuliko zote.

Hapa zote zimefuzu, na mwalimu anayepima kwa swali hili atachagua ile aliyofundishwa yeye.

Swali linalozitenganisha

Geuza sasa. Mteja amelipa Sh 34,000 baada ya punguzo la 15%. Kabla ya punguzo viatu viliuzwa bei gani?

Darasa lililofundishwa kanuni peke yake litafanya kile ambacho kanuni imezoea kufanya: litachukua asilimia ya namba iliyopo mbele yake. 15/100 × 34,000 ni 5,100. Jumlisha, unapata 39,100. Tazama jinsi jibu hili lilivyo hatari. Liko karibu mno na 40,000, ni bei inayowezekana kabisa kwa viatu, na hesabu zenyewe hazina kosa la kuzidisha wala kujumlisha. Hakuna kitu ndani yake kitakachomshtua mwanafunzi.

Kuligundua kunahitaji kulirudisha lilikotoka. Mwambie achukue 39,100 na ampe mteja punguzo la 15%. Atapata 5,865, na akitoa itabaki 33,235. Lakini mteja alilipa 34,000. Kuna Sh 765 hazina maelezo, na hapo ndipo swali la maana linapozaliwa darasani: zimepotelea wapi? Zimepotea kwa sababu asilimia 15 ya bei ndogo si sawa na asilimia 15 ya bei kubwa. Ningempa kila mwanafunzi nafasi ya kufanya uhakiki huu kwa mkono wake, hata kama unachukua nusu ya kipindi, kwa sababu maelezo ya mdomo peke yake hayamkai.

Mwanafunzi wa kumi-kumi naye hukwama papa hapa, na kwa sababu ileile. Mkono wake unakimbilia asilimia 10 ya 34,000, yaani 3,400, kabla hajajiuliza 34,000 yenyewe ni asilimia ngapi. Wepesi wake ndio unaomponza.

Kwenye mstari mambo ni tofauti, na hapa ndipo nilipoamua. Kabla ya hesabu yoyote lazima uamue 34,000 ikae chini ya asilimia gani. Mwanafunzi hawezi kuiweka chini ya 100, maana 100 ni bei ya kabla. Haiwezi kukaa chini ya 15, maana hiyo ni sehemu iliyosamehewa. Inabaki 85. Kisha anatafuta njia ya kutoka 85 kwenda 100, na njia zipo zaidi ya moja. Anaweza kugawa 34,000 kwa 85 akapata asilimia 1 kuwa Sh 400, na asilimia 100 kuwa 40,000. Anaweza pia kuona kwamba 85 ni tano-tano kumi na saba, akagawa kwa 17 akapata 2,000, kisha akazidisha kwa 20. Kosa la 39,100 ni gumu kulifanya hapa, kwa kuwa kulifanya kunahitaji mwanafunzi aandike 34,000 chini ya 100, na jirani yake wa dawati atamwona.

Desimali nayo inajibu swali vizuri kwa mwanafunzi anayejua anachofanya. Ikiwa bei ya awali × 0.85 = 34,000, basi bei ya awali ni 34,000 ÷ 0.85. Tatizo lake ni la mkono. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili nchini Tanzania hauruhusu vikokotoo, na kugawa kwa 0.85 kunamtaka mwanafunzi abadilishe iwe 3,400,000 ÷ 85. Mwenye mstari anagawa kwa 85 vilevile, ila kwa namba ndogo na akijua kwamba anachotafuta ni asilimia 1. Mwenye desimali asipokumbuka kwa nini anagawa, anazidisha, na anapata 28,900, bei ya kabla iliyo ndogo kuliko ya baada. Hilo angalau ni kosa linalopiga kelele.

Punguzo juu ya punguzo

Kuna swali moja ambalo desimali inashinda wazi, na ni haki kulisema. Begi la Sh 50,000 limepunguzwa 20%, na mwisho wa mwezi wakaongeza punguzo jingine la 10%. Wengi watajumlisha wapate 30% na bei ya 35,000. Kwa desimali ni 0.8 × 0.9 = 0.72, mteja analipa 72% yaani Sh 36,000, na punguzo lote ni 28%. Mstari wenyewe humalizika katikati ya safari: ukifika 40,000 inabidi uchore mstari wa pili ambao 100 yake ni 40,000. Unachosha, lakini kuchora upya kuna faida yake, kwani mwanafunzi anaona kwa macho kwamba mia imehama. Akishachora mara kadhaa ndipo umpe desimali kama njia ya mkato, naye ataipokea kwa shukrani kwa sababu anajua imemwepusha na nini.

Mifano ya duka na mifano ya soko si mamoja

Ulinganisho wa njia hautoshi. Lazima pia uchague mfano utoke wapi, maana vitabu vinasema "sokoni" vikimaanisha duka lenye bei zilizobandikwa.

Sokoni asilimia haitajwi. Muuzaji wa vitenge hakuambii anakupunguzia 20%. Anasema "haya, leta elfu ishirini" kwa kitenge alichokitaja elfu ishirini na tano. Kwa darasa, hili ni mtaji, kwa sababu swali linalotoka pale ni la aina ambayo duka haliulizi: amepunguza asilimia ngapi? Punguzo ni Sh 5,000. Ukigawa kwa 25,000 unapata 20%, ukigawa kwa 20,000 unapata 25%, na darasa litagawanyika hapo. Kwenye mstari, bei aliyotaja kwanza inakaa chini ya 100, na 20,000 inaangukia chini ya 80. Mjadala unakwisha bila mwalimu kupandisha sauti.

Ila bei ya kupatana ina udhaifu wake. Ile 25,000 huenda haikuwa bei ya kitenge hata siku moja. Ilikuwa pa kuanzia mazungumzo, na mteja mwingine angetajiwa 22,000. Mwanafunzi makini atauliza: "Mwalimu, mia hapa ni ipi, aliyoitaja au anayouza kila siku?" Ni swali zuri sana, lakini si la siku ya kwanza. Kwa hiyo wiki ya kwanza ningetumia bei zilizobandikwa, ambapo mia haina ubishi, na ningekwenda kwenye kupatana baada ya wanafunzi kuzoea kuitafuta hiyo mia.

Mfano wa soko ninaoupenda kuliko yote ni nyongeza. Kwenye matunda na mboga muuzaji mara nyingi hashushi bei, anaongeza kitu juu. Mpe mwanafunzi mazungumzo haya:

"Shikamoo mama. Maembe bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Manne elfu mbili."

"Nipunguzie basi."

"Bei haipungui, lakini nitakuongeza moja."

Amepata nyongeza ya asilimia ngapi, na ni sawa na punguzo la asilimia ngapi? Karibu kila mtu huanza kwa kudhani majibu ni sawa. Nyongeza inahesabiwa juu ya maembe manne aliyostahili: moja kwa nne ni 25%. Punguzo linahesabiwa juu ya bei. Embe lilikuwa Sh 500. Sasa kwa 2,000 amepata matano, kila moja Sh 400. Imeshuka Sh 100 kutoka 500, yaani 20%. Nyongeza ya 25% imekuwa punguzo la 20%, kwa maembe yaleyale na fedha zilezile.

Hapa ningetulia. Waache wachore mistari miwili, mmoja wa maembe ambapo 4 iko chini ya 100 na 5 iko chini ya 125, mwingine wa bei ambapo 500 iko chini ya 100 na 400 iko chini ya 80. Kisha waulize nyongeza ya embe moja kwa kila maembe matano ni punguzo la ngapi (moja kwa sita, yaani asilimia 16 na theluthi mbili), na moja kwa mawili ni la ngapi (moja kwa tatu). Hesabu hii inaliingiza mezani jambo ambalo swali la viatu lilikuwa limelificha: asilimia haina maana mpaka useme ni ya nini. Na muuzaji naye ana sababu zake za kupendelea nyongeza, ambazo wanafunzi waliokaa gengeni watakueleza: bei ya wateja wengine haivurugiki, na maembe yaliyoiva yanaondoka kabla hayajaharibika.

Angalizo la vitendo kwa mwalimu anayetunga maswali ya aina hii. Punguzo za soko hazina namba nzuri. Mafungu matatu ya nyanya ya Sh 1,000 yakiuzwa kwa 2,500 ni punguzo la 500 kwa 3,000, asilimia 16 na theluthi mbili tena. Ukichukua bei halisi bila kuzipitia, kipindi kitaliwa na desimali zisizoisha. Tafuta bei ambazo ukigawa zinatoa 5, 10, 20 au 25, na zile zisizogawanyika uzihifadhi kwa siku ya kukadiria.

Faida na kodi: mia inapojificha

Mama anayenunua ndoo ya nyanya kwa Sh 20,000 na kuiuza kwa rejareja hadi kupata Sh 25,000 ana faida ya Sh 5,000. Darasani asilimia ya faida huhesabiwa juu ya bei ya kununulia, kwa hiyo ni 25%. Mwanafunzi atakayegawa kwa 25,000 atapata 20%, na atanyimwa alama ingawa namba yake nayo ina maana: ni sehemu ya mauzo iliyo faida. Mwambie hivyo wazi. Ukimwambia tu "umekosa", ataona ni sheria ya mwalimu. Ukimwonyesha kwamba amejibu swali jingine, atasoma swali vizuri mara ijayo.

Risiti ya mashine ya kodi ndiyo kifaa bora cha bure kwa swali la kurudi nyuma. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni 18%. Bidhaa iliyouzwa kwa Sh 59,000 pamoja na kodi haina kodi ya 18% ya 59,000, ambayo ingekuwa 10,620. Kwenye mstari, 59,000 inakaa chini ya 118. Gawa kwa 118, asilimia 1 ni Sh 500, bei kabla ya kodi ni 50,000 na kodi ni 9,000. Wanafunzi wakikuletea risiti za nyumbani za bidhaa zinazotozwa kodi hiyo, kiasi cha kodi kimechapwa tayari, kwa hiyo wanajisahihisha wenyewe. Mwalimu wa Kenya atatumia 116, kwa kuwa huko kiwango cha kawaida ni 16%. Kumbuka tu kwamba vyakula vingi visivyosindikwa havitozwi kodi hii, hivyo usitarajie kuiona kwenye risiti ya nyanya.

Uchague ipi

Ningetanguliza mstari, bila kusita, kwa darasa lolote la Kidato cha Kwanza lenye wanafunzi wa viwango mchanganyiko. Unahitaji chaki na rula, unafaa kwa wanafunzi themanini kama kwa ishirini, na unamlazimisha mwanafunzi aseme mia ni nini kabla hajakokotoa. Gharama yake ni muda: vipindi viwili vya mwanzo vitaonekana kwenda polepole kuliko jirani yako anayefundisha kanuni, na baadhi ya wanafunzi wepesi watalalamika kwamba wanachoreshwa kitu wanachokijua. Wape hao swali la kurudi nyuma mapema.

Kumi-kumi isifundishwe kama njia ya pekee, bali iishi ndani ya mstari. Wanafunzi waliokuja nayo kutoka gengeni waiendeleze, na wasiokuwa nayo waipate kwa kukadiria: kabla ya kila swali, jibu liko kati ya ngapi na ngapi? Kama darasa lako lina wengi wanaofanya biashara baada ya shule, unaweza hata kuanzia hapo na kuuleta mstari siku ya pili.

Kanuni iingie wanapokuwa wamechoka kuchora, kwa sababu mtihani unataka hatua zilizoandikwa na kanuni huziandika vizuri. Ila iandikwe kwa maneno kamili, asilimia *ya bei ya awali*, isiwe 15/100 inayoelea peke yake. Kama umebakiwa na wiki moja kabla ya mtihani na darasa halijui chochote, anza na kanuni na uhakiki wa kurudisha jibu lilikotoka. Hutakuwa na muda wa zaidi.

Desimali isubiri mpaka wanafunzi wabadilishe 85% kuwa 0.85 na 5% kuwa 0.05 bila kukosea. Hilo la pili ndilo kipimo. Mpe kila mmoja kikaratasi aandike 5% kwa desimali, na ukikuta 0.5 nyingi, rudi kwenye desimali zenyewe kwanza, kwa sababu punguzo la 5% kwa mwanafunzi huyo litafanya viatu vya 40,000 viuzwe kwa 20,000.